Kimoja au ndani? Kusoma alama ndogo za Kigiriki katika Yohana 1:3-4

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba herufi zilezile zinaweza kubeba maneno mawili. Tunaandika "barabara" kwa namna moja tu, lakini mkazo ukikaa silabi ya tatu tunamaanisha njia ya magari, na ukikaa ya pili tunamaanisha sawasawa. Maandishi yetu hayatusaidii hapo. Wagiriki waliamua kuyasaidia yao: juu ya irabu waliweka vistari na vikoma vidogo ambavyo mwanafunzi mpya huviona kama vumbi.

Mwongozo huu unachukua mstari mmoja tu, mwisho wa Yohana 1:3 na mwanzo wa 1:4, kwa sababu ndani ya maneno kumi hivi alama hizo zinafanya karibu kazi zake zote. Ninadhani tayari unazitambua herufi za Kigiriki, hata kama unazisoma polepole. Mstari wenyewe ni huu, kama unavyochapwa katika matoleo ya kitaalamu ya siku hizi:

χωρὶς αὐτοῦ ἐγένετο οὐδὲ ἕν. ὃ γέγονεν ἐν αὐτῷ ζωὴ ἦν

Biblia ya Union, ile ya 1952, inasema hapo: "wala pasipo yeye hakikufanyika cho chote kilichofanyika. Ndani yake ndimo ulimokuwa uzima." Linganisha mahali nukta ilipo kwenye Kigiriki hicho na ilipo kwenye Kiswahili. Hazilingani, na tutarudi hapo, kwa sababu kuna alama moja inayotueleza kwa nini.

Hatua ya kwanza: uvue mstari nguo

Chukua karatasi uandike mstari huo kwa herufi kubwa, bila alama, bila nafasi kati ya maneno, bila nukta. Hivi ndivyo waandishi wa kale walivyonakili Injili, na hivi ndivyo ungeukuta katika nakala za karne za mwanzo:

```
ΧΩΡΙΣΑΥΤΟΥΕΓΕΝΕΤΟΟΥΔΕΕΝΟΓΕΓΟΝΕΝΕΝΑΥΤΩΖΩΗΗΝ
```

Anayejua historia ya msahafu, au ya mashairi yetu yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ataona jambo analolifahamu: konsonanti na irabu ndefu ziko kwenye karatasi, na fat-ha na kasra ziko kichwani mwa msomaji. Wagiriki wa kale nao walikuwa na alama zao kichwani. Mapokeo yanasema aliyezibuni ni Aristofane wa Bizanti, mkutubi wa Aleksandria, yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, lakini hazikuwa za lazima hadi karne ya 9 hivi, mwandiko wa herufi ndogo uliposhika. Katika Kodeksi Vatikano, ambayo ni ya karne ya 4, alama unazoziona ziliongezwa na mkono mwingine baadaye sana.

Sasa tazama vipande vitatu vya mstari uliovuliwa. Kuna ΕΝ inayotokea mara mbili kama neno kamili: moja baada ya ΟΥΔΕ, nyingine kabla ya ΑΥΤΩ. (Nyingine mbili, ile ya katikati ya ΕΓΕΝΕΤΟ na ile ya mwisho wa ΓΕΓΟΝΕΝ, ni vipande vya vitenzi tu.) Kuna Ο iliyosimama peke yake. Na kuna ΗΝ mwishoni. Vipande hivyo vitatu ndivyo vyenye utata. Vingine vyote vya mstari huu havina pacha wa kukusumbua, isipokuwa ΑΥΤΟΥ na ΑΥΤΩ kidogo.

Onyo kwa wanaoanza: ΕΝ na ΗΝ si maneno mamoja yanayotofautiana kwa alama. Yana irabu tofauti, epsiloni na eta. Kinachochanganya ni kwamba eta ndogo, η, inafanana na n yetu, na ile herufi iitwayo ni, ikiandikwa ndogo, ν, inafanana na v yetu. Nimeona mtu akisoma ἦν kama "nv" na kutaabika dakika tano nzima.

Hatua ya pili: anza na pumzi, usianze na mkazo

Kila neno la Kigiriki linaloanza na irabu lina alama ya pumzi juu ya irabu hiyo. Ziko mbili. Dasia, pumzi nzito, imepinda kama herufi c, ἑ, nayo inaongeza sauti ya h mbele ya irabu. Psili, pumzi nyepesi, imepinda upande wa pili kama mkato, ἐ, nayo haiongezi chochote. Neno likianza na irabu mbili zinazotamkwa pamoja, alama hukaa juu ya ile ya pili, kama katika αὐτοῦ. Na ikiwa irabu ni herufi kubwa, alama husimama kushotoni kwake: Ἐν.

Njia rahisi ya kukumbuka ipi ni ipi inatokana na asili yake. Alama hizi ni nusu mbili za herufi H iliyokatwa katikati kwa wima. Nusu ya kushoto, ├, ndiyo iliyozaa dasia, na ile ya kulia, ┤, ndiyo iliyozaa psili. Waandishi walivyozidi kuharakisha, kona zikawa mviringo. Kwa hiyo dasia imefunguka kuelekea kulia, kana kwamba inaipulizia irabu h.

Turudi kwenye ΕΝ zetu mbili:

ἐν ina psili. Hutamkwa "en". Maana yake ni "ndani ya" au "katika".

ἕν ina dasia. Hutamkwa "hen". Maana yake ni "kimoja", umbo la jinsi ile isiyo ya kiume wala ya kike. Ndugu zake ni εἷς kwa mume na μία kwa mke.

Kwa hiyo οὐδὲ ἕν ni "wala kimoja", yaani "hata kimoja". Na ἐν αὐτῷ ni "ndani yake". Herufi mbili zilezile, umbali wa maneno mawili tu, na kinachozitenga kwanza ni upande ambao kikoma kimepindia. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nilijifunzia Kigiriki kwenye fotokopi ya fotokopi, ambamo pumzi zote zilikuwa zimekufa na kubaki nukta za wino. Nilitafsiri οὐδὲ ἕν kuwa "wala ndani" na nikatunga maelezo marefu ya kuhalalisha kosa. Ukisomea kwenye nakala hafifu au skrini ya simu, kuza maandishi mpaka uone upinde. Kama huuoni upinde, hujasoma neno hilo bado.

Fahamu pia kwamba Mgiriki wa leo hatamki h hiyo. Ilipotea zamani katika usemi, na mwaka 1982 serikali ya Ugiriki ilipopitisha tahajia yenye mkazo mmoja tu, pumzi zikaondolewa hata kwenye maandishi ya shule. Ukimsikiliza Mgiriki akisoma Injili kanisani, ἐν na ἕν zitakuja kwa sauti moja. Hii ndiyo sababu macho lazima yafanye kazi ambayo masikio hayawezi.

Hatua ya tatu: tazama kama kuna mkazo au hakuna

Hapa usijali bado ni mkazo wa aina gani. Uliza tu: juu ya neno hili kuna kitu kingine zaidi ya pumzi?

Neno ὁ lenye dasia peke yake ni kile kineno kinachotangulia nomino ya kiume kuibainisha, kama katika ὁ λόγος, "yule Neno". Neno ὅ lenye dasia na mkazo ni kirejeshi, "ambacho" au "kile kilicho-". Sauti ya mwanzo ni ileile, "ho", na pumzi ni ileile. Hapa dasia haitusaidii hata kidogo. Mkazo peke yake ndio unaoamua.

Katika mstari wetu tuna ὃ γέγονεν, yenye mkazo. Basi ni "kilichofanyika". Kama ungeisoma kama ὁ, ungelazimika kutafuta nomino ya kiume mbele yake, na mbele yake kuna kitenzi.

Kwa nini ὁ na ἐν hazina mkazo wowote? Ni maneno mepesi yanayoegemea neno linalofuata na kutamkwa nalo kwa pamoja, kama "na" yetu katika "nami". Hazisimami zenyewe. Kimoja, ἕν, ni neno la kuhesabu, lina uzito wake, linasimama, nalo hupewa mkazo. Kwa hiyo ἐν na ἕν zinatofautiana kwa alama mbili kwa pamoja, na hiyo ni bahati yako: ukishindwa kuuona upinde wa pumzi, uwepo wa kistari kando yake unatosha.

Hatua ya nne: sura ya mkazo

Mikazo iko mitatu. Oksia hupanda kuelekea kulia, ά. Varia hushuka kuelekea kulia, ὰ. Perispomeni ni kiwimbi au kitao juu ya irabu ndefu, ᾶ.

Sasa ΗΝ ya mwisho. Ikiwa na psili na perispomeni, ἦν, ni kitenzi: "alikuwa, ilikuwa, ulikuwa". Ikiwa na dasia na oksia, ἥν, ni kirejeshi cha kike kinachotendwa: "ambayo, ambaye". Katika mstari wetu ni ἦν. Ζωὴ ἦν: "uzima ulikuwa".

Na hapa kuna mtego ambao vitabu vingi hupita mbio. Neno linalotangulia, ζωή, ni la kike. Kirejeshi cha kike ἥν kingelifuata vizuri kabisa: "uzima ambao..." Mtu aliyezoea Kiswahili, ambamo kirejeshi hukaa karibu sana na nomino yake, atavutwa kusoma hivyo hasa kama alama hazionekani. Kinachomwokoa ni maneno yanayofuata: καὶ ἡ ζωὴ ἦν τὸ φῶς τῶν ἀνθρώπων, "nao ule uzima ulikuwa nuru ya watu". Kirejeshi ἥν kingedai kitenzi chake na mtendaji wake, na hapo mbele kuna καί, "na", inayoanzisha kishazi kipya. "Uzima ambao, na..." ni sentensi iliyovunjika mguu. Basi lazima iwe kitenzi.

Nikiwa hapo, siwezi kuacha kutaja φῶς, ingawa iko nje kidogo ya mstari wetu. Lenye perispomeni ni "nuru". Lenye oksia, φώς, ni neno la kishairi la kale, la Homeri, lenye maana ya "mtu, mwanamume". Agano Jipya halilitumii hilo la pili, kwa hiyo halitakusumbua.

Hatua ya tano: varia inakuambia habari za jirani

Wanafunzi wengi wanapoona ἓν yenye varia na ἕν yenye oksia hudhani ni maneno mawili. Si kweli. Ni neno moja. Oksia ikiwa kwenye silabi ya mwisho ya neno, na neno jingine la kawaida likifuata bila kituo, hugeuka kuwa varia. Kituo kikija, yaani nukta au mkato, oksia hubaki. Ndiyo maana unaona χωρὶς, οὐδὲ na ζωὴ kwa varia katika mstari, lakini kamusi itakuandikia χωρίς, οὐδέ na ζωή. Unapotafuta neno kamusini, rudisha varia iwe oksia kwanza.

Kwa hiyo varia haikuelezi neno ni lipi. Inakueleza kwamba sauti haikupumzika. Na katika mstari wetu habari hiyo ni nzito.

Tazama matoleo mawili kwa pamoja. Toleo la kitaalamu linachapa οὐδὲ ἕν. kwa oksia, kisha nukta, kisha ὃ γέγονεν ἐν αὐτῷ ζωὴ ἦν. Matoleo ya kale yaliyofuata maandishi ya Bizanti yanachapa οὐδὲ ἓν ὃ γέγονεν. kwa varia, na nukta inakuja baadaye, kisha ἐν αὐτῷ ζωὴ ἦν. Herufi hazikubadilika hata moja. Mhariri wa kwanza anasema: "Pasipo yeye hakikufanyika hata kimoja. Kilichofanyika ndani yake kilikuwa uzima." Wa pili anasema: "Pasipo yeye hakikufanyika hata kimoja kilichofanyika. Ndani yake ulikuwa uzima." Biblia ya Union imemfuata huyu wa pili.

Ugomvi huu ni wa kale. Waandishi wengi wa Kikristo kabla ya karne ya 4 walisoma kwa njia ya kwanza. Baadaye Yohane Krisostomo, akihubiri juu ya Injili hii, alikataa waziwazi kuweka kituo baada ya "kimoja", kwa sababu wapinzani wake waliitumia sentensi inayopatikana hivyo kudai kwamba Roho Mtakatifu ni mmoja wa viumbe. Nakala zenye herufi kubwa mfululizo haziwezi kumhukumu yeyote kati yao. Mimi mwenyewe naegemea nukta ya baadaye, kwa sababu "kilichofanyika ndani yake kilikuwa uzima" inaniacha nikiuliza ni kitu gani hicho. Lakini huo ni uamuzi wa maana, na hauko ndani ya wino.

Kanuni ya kazi basi ni hii: ukifungua toleo lolote kwenye mstari huu, weka kidole juu ya ἕν. Varia ina maana mhariri amekuunganishia na kinachofuata. Oksia ina maana amesimama hapo, na utafute nukta au mkato mara moja mbele yake. Ukikuta oksia bila kituo chochote, kuna jambo la kuuliza: huenda aliyenakili alihamisha nukta akasahau kurekebisha mkazo. Hilo hutokea kirahisi kwenye maandishi yanayobandikwa kutoka faili moja hadi jingine.

Hatua ya sita: jaribu bila alama

Alama ni maoni ya mhariri, mara nyingi maoni sahihi, lakini unapaswa kuweza kuyathibitisha. Funika alama, kisha uliza maswali ya sarufi.

Kwa ΕΝ: je, neno linalofuata liko katika hali ya datifu, yaani umbo ambalo neno huchukua kuonyesha mahali au anayepewa kitu? Neno ἐν, "ndani ya", haliendi popote bila datifu. Baada ya ΕΝ ya pili kuna ΑΥΤΩ, ambayo ni datifu. Mhariri ameidhihirisha kwa yota ndogo chini ya omega, ῷ. Baada ya ΕΝ ya kwanza kuna Ο ΓΕΓΟΝΕΝ, ambayo si datifu. Basi ya kwanza haiwezi kuwa "ndani ya". Ni "kimoja".

Kwa Ο: kuna nomino ya kiume mbele, au kitenzi? Kwa ΗΝ: sentensi ina kitenzi kingine cha kuibeba, au hiki ndicho pekee? Kwa ΑΥΤΩ, matoleo kadhaa ya zamani hupenda kuandika dasia, αὑτῷ, "ndani yake yeye mwenyewe", pale ambapo kinachorejelewa ni mtendaji wa sentensi. Hapa mtendaji ni uzima na siyo Neno, kwa hiyo psili inafaa.

Hata waandishi wa kale walikwama hapa. Papirasi ya 66, ya karibu mwaka 200, iliyoko katika maktaba ya Bodmer huko Cologny, haina οὐδὲ ἕν. Ina ΟΥΔΕΝ, "hakuna kitu". Kodeksi Sinai, katika mkono wake wa kwanza, nayo ni hivyo. Epsiloni mbili zilizofuatana katika ΟΥΔΕΕΝ zimekuwa moja. Maana haikubadilika sana, lakini msisitizo wa "hata kimoja" umepotea, na pamoja nao ile h ambayo ingewalazimisha kutenganisha maneno mawili.

Kuandika alama hizi kwenye kompyuta

Chagua kibodi ya Kigiriki yenye alama zote, ile inayoitwa Greek Polytonic, siyo ya Kigiriki cha kawaida, ambayo ina oksia tu. Kama huna kibodi hiyo, njia ya kuandikiana kwa herufi za Kilatini ni Beta Code, ambamo mabano ni pumzi na mistari ni mikazo:

```
e)n     ἐν
e(/n    ἕν
e(\n    ἓν
o(      ὁ
o(/     ὅ
h)=n    ἦν
h(/n    ἥν
```

Jihadhari na kisanduku cha kutafuta. Programu nyingi hupuuza alama, kwa hiyo ukitafuta ἕν utaletewa kila ἐν ya Injili nzima, na ni nyingi mno. Tafuta chaguo la kuzingatia alama, au tafuta kikundi cha maneno, kama οὐδὲ ἕν.

Zoezi moja la kufungia daftari

Haya ni maneno ya Yohana 10:30, ambayo Union inasema "Mimi na Baba tu umoja":

```
ΕΓΩΚΑΙΟΠΑΤΗΡΕΝΕΣΜΕΝ
```

Weka pumzi na mikazo kwenye Ο na ΕΝ kabla ya kusoma jibu. Mbele ya Ο kuna ΠΑΤΗΡ, nomino ya kiume. Basi ni ὁ, dasia bila mkazo. Mbele ya ΕΝ kuna ΕΣΜΕΝ, kitenzi "tuko", na hakuna datifu popote. Basi ni "kimoja", dasia na mkazo. Mkazo upi? Neno jingine linafuata bila kituo, kwa hiyo ungetarajia varia. Lakini ἐσμεν hapa ni neno dogo linaloegemea lile la nyuma yake na kulipa mkazo wake wote, na mbele ya maneno ya namna hiyo oksia haigeuki. Jibu ni ἐγὼ καὶ ὁ πατὴρ ἕν ἐσμεν. Ukiwa umeandika ἓν, umekosea alama lakini hukukosea neno. Ukiwa umeandika ἐν, rudi hatua ya pili.